Nyota kwenye dari: mishono ya panorama karibu na ncha, na namna ya kuizuia

Mtu akifungua ziara ya mtandaoni ya nyumba, kwanza huizungusha picha kulia na kushoto, kisha, karibu kila mara, huinua macho kutazama dari. Hapo ndipo kazi nyingi zilizopigwa kwa uangalifu huharibikia. Kuta ziko safi na milango imenyooka, lakini katikati ya dari pana nyota hafifu yenye pembe sita, kana kwamba mtu amekunja karatasi kuelekea nukta moja na kuikunjua tena. Sakafuni, pale iliposimama miguu ya kamera, pana doa linalofanana nayo. Makala haya yanaeleza nyota hiyo hutoka wapi na jinsi ya kutengeneza panorama isiyokuwa nayo, kwa kufuata chumba kimoja tangu kupigwa picha hadi kuwekwa katika ziara.

Chumba chenyewe ni cha nyumba ya mawe, Mji Mkongwe, Unguja. Kina urefu wa mita 7 na upana wa mita 3 hivi, kwa kuwa boriti za mkoko zinazobeba dari za nyumba hizi kwa kawaida hazivuki nafasi kubwa kuliko hiyo. Nimekichagua kwa sababu dari yake haina huruma. Boriti zimelala sambamba, moja baada ya nyingine, na baadhi yao hupita juu kabisa ya kamera. Dari nyeupe ya ubao huficha makosa, lakini boriti iliyokatika au kubadilika rangi katikati huonekana hata kwa mtoto. Sakafu nayo ni ya vigae vyeusi na vyeupe, kwa hiyo kule chini pia hakuna pa kujificha.

Nilipiga picha 8 kwa lenzi ya jicho la samaki ya milimita 15, kamera ikiwa imesimamishwa wima na lenzi ikiwa mita 1.5 kutoka sakafuni: picha 6 za kuzunguka kila baada ya digrii 60, moja ya dari, na moja ya sakafu. Kila picha ya kuzunguka hufika takriban digrii 70 juu ya upeo wa macho na digrii 70 chini yake, hivyo hubaki shimo la digrii 20 kutoka kwenye ncha, yaani nukta iliyo juu kabisa au chini kabisa ya kamera, ambalo huzibwa na zile picha 2 za mwisho. Nilizishona kwa programu ya Hugin, kwa upana wa pikseli 12,000 na kimo cha pikseli 6,000.

Karatasi inayodanganya kuhusu majirani

Umbo hilo la upana mara mbili ya kimo ndilo ambalo orodha ya Hugin huliita `Equirectangular`. Wazo lake ni la zamani sana: Ptolemaio anamtaja Marino wa Tiro, aliyechora ramani za namna hiyo yapata mwaka 100 baada ya Kristo, na ambaye habari zake kuhusu Rhapta, bandari ya pwani yetu, zimetufikia kupitia kitabu cha Ptolemaio huyo huyo. Unalichukua tufe, unaifanya longitudo kuwa upana na latitudo kuwa kimo, kisha unalikunjua likawa mstatili. Hesabu ni nyepesi, na ndiyo sababu kompyuta huupenda mpangilio huu hadi leo.

Gharama yake hulipwa kwenye ncha. Duara la tufe lililo katika upeo wa macho ni refu, na lile lililo karibu na ncha ni fupi, lakini kwenye karatasi yote mawili hupewa pikseli 12,000 zile zile. Digrii 30 kutoka ncha, pikseli 12,000 zinabeba habari ambayo ingetosha pikseli 6,000. Digrii 1 kutoka ncha, zinabeba habari ya pikseli 209 tu. Na safu ya kwanza kabisa ya picha, ile inayogusa ukingo wa juu, inabeba habari ya pikseli 3 na kidogo. Ukilifanya hesabu hilo la mwisho kwa panorama ya ukubwa wowote, jibu halibadiliki: ni pai, yaani 3.14, iwe picha ina upana wa pikseli 2,000 au 20,000. Kwa hiyo kuongeza ukubwa wa picha hakuiponyi ncha. Kunaifanya safu ile ile ya uongo iwe ndefu zaidi.

Kuvutwa huko peke yake hakuleti kosa, kwa maana kionyeshi cha ziara kikiirudisha karatasi kwenye tufe, kilichovutwa hurudi kuwa nukta. Tatizo huanza pale programu fulani inapofanya kazi juu ya karatasi huku ikiamini kwamba pikseli zinazokaribiana kwenye karatasi ndizo zinazokaribiana chumbani. Karibu na ncha imani hiyo si kweli kwa namna mbili. Ya kwanza, pikseli 2 zilizo umbali wa pikseli 3,000 kwenye safu ya kwanza ni majirani wa karibu kabisa darini, lakini programu huzihesabu kuwa wageni. Ya pili, ukiwa kwenye safu hiyo na kutaka kwenda juu zaidi, karatasi imekwisha. Darini, hata hivyo, hakuna ukingo wowote. Ukivuka ncha unajikuta upande wa pili, kwenye safu ile ile, pikseli 6,000 kulia au kushoto. Programu haijui njia hiyo. Huiona ncha kama mwisho wa dunia.

Fikiria sasa kichujio cha kawaida kinachotazama pikseli 20 kila upande. Kwenye ukuta, katika usawa wa lenzi, pikseli 20 ni digrii 0.6 kwa upana na kwa kimo, hivyo kichujio kinatazama eneo la duara. Digrii 1 kutoka ncha, pikseli 20 za kimo bado ni digrii 0.6, lakini zile za upana zimebaki digrii 0.01. Duara limegeuka sindano, na sindano zote zimeelekezwa kwenye nukta moja. Hiyo ndiyo miale ya nyota.

Kutambua kosa ni la aina gani

Kabla ya kurekebisha chochote inafaa kuitazama ncha ana kwa ana, si kwenye karatasi ambako kila kitu kimevutwa. Amri moja ya ffmpeg hutosha kutoa, kutoka kwenye panorama iliyoshonwa, hapa `kawaida.tif`, picha bapa ya digrii 100 inayotazama juu:

```
ffmpeg -i kawaida.tif -vf "v360=e:flat:pitch=90:h_fov=100:v_fov=100:w=2000:h=2000" juu.png
```

Kwa sakafu unaweka `pitch=-90`. Picha hizo mbili ndizo nilizozifungua kwa ajili ya chumba kile, na nilizikuta zina makosa ya aina 2 tofauti yaliyokaa pamoja, jambo ambalo ni la kawaida na ndilo huwachanganya watu wengi.

Kosa la kwanza lilikuwa boriti iliyovunjika. Digrii 25 hivi kutoka ncha, boriti moja ilikuwa na ngazi: kipande kimoja kimeishia hapa, kingine kimeanzia pikseli chache pembeni, na vyote viwili vina makali safi. Ukiona makali safi pande zote mbili za mkato, chanzo ni jiometri. Kamera ilihama kati ya picha moja na nyingine, au nukta za kuunganisha zimewekwa vibaya. Hakuna uchanganyaji wa rangi utakaoponya hilo.

Kosa la pili lilikuwa ile nyota. Boriti zilipita ndani yake bila kukatika, lakini kila kipande cha dari, mithili ya kipande cha chapati kilichokatwa kutoka katikati, kilikuwa na wepesi wake wa rangi. Mipaka ilikuwa minyoofu na yote ilikutana kwenye ncha. Nyota ya namna hii hutokana na uchanganyaji. Ipo na aina ya tatu, ambayo sikuikuta katika chumba hiki lakini nimeiona mara nyingi: nukta ndogo ya kizunguzungu, isiyozidi digrii moja, iliyo katikati kabisa. Hiyo huletwa na kunoa picha, kupunguza chenga, au kubana faili baada ya kushona.

Ukiwa na shaka, katika Hugin zima picha zote uache ile ya dari peke yake, itoe, kisha ipitishe kwenye amri ile ile ya juu. Ikiwa ncha ni safi ndani ya picha hiyo moja na inachafuka zinapowashwa nyingine, kamera haina hatia kwa upande wa nyota.

Boriti iliyovunjika

Nianze na jiometri, kwa sababu kazi zote za baadaye huijengea juu yake. Kichwa cha panorama kina reli mbili, na kazi yao ni kuiweka ile nukta ya lenzi isiyohama juu ya mhimili wa kuzunguka, kwa mlalo na kwa wima. Wengi wetu hurekebisha reli ya mlalo kwa makini, tukiangalia kingo za mlango na dirisha, kisha tunaridhika, maana picha 6 za kuzunguka hushonana vizuri. Reli ya pili huonyesha kosa lake pale tu kamera inapoinuliwa kutazama dari.

Katika chumba chetu dari iko mita 2.9 kutoka sakafuni, yaani mita 1.4 tu juu ya lenzi. Lenzi ikihama milimita 5 wakati wa kuinuliwa, kitu kilicho umbali wa mita 1.4 huonekana kimehama digrii 0.2, na kwenye panorama ya pikseli 12,000 hizo ni pikseli 7 hivi. Kitu kilicho mita 3 mbali kingehama pikseli 3 tu. Na kwa kuwa boriti zinaning'inia chini kidogo ya dari yenyewe, haziwezi kulinganishwa zote kwa wakati mmoja: ukizipatanisha boriti, mawe yaliyo kati yake yanapishana. Nyumba yenye dari ya chini huadhibu kosa ambalo ukumbi mkubwa ungelisamehe.

Nilirudi siku ya pili nikaipima reli hiyo upya kwa kutumia vitu viwili vilivyo katika mstari mmoja, uzi uliofungwa kwenye kishikio cha dirisha na ukingo wa boriti nyuma yake. Niliinua kamera na kuishusha huku nikisogeza reli hadi uzi ulipoacha kutembea juu ya ukingo. Ilihitaji kusogea milimita 6. Picha mpya ya dari iliingia mahali pake, na ile ngazi ikatoweka bila kuguswa na brashi.

Jambo jingine la kufanya wakati ungali kwenye Hugin ni kuipa picha ya dari umiliki wa ncha. Picha hiyo, hata kwa upande wake mfupi, hufunika digrii 45 kuzunguka ncha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuziruhusu zile 6 zigombanie eneo hilo. Katika kichupo cha maski nilichora duara la digrii 30 hivi kwenye picha ya dari, na aina ya maski nikaweka `Include region`. Kuanzia hapo mshono wowote ulilazimika kupita mbali na ncha, na hakuna mshono uliovuka katikati ya dari.

Nyota yenye pembe sita

Kwa nini sita? Kwa sababu picha za kuzunguka ni sita, na ncha ya dari ndipo vichwa vyake vyote vinapokutana. Kila lenzi hufifia kidogo kuelekea kingo za picha. Kamera ikiwa wima, ukingo wa juu wa kila picha, ule uliofifia zaidi, ndio ulio karibu na ncha. Zikiwekwa picha 6 kuzunguka nukta moja, giza hilo hafifu hujipanga kama petali. Ukihesabu pembe za nyota ukapata idadi ya picha zako za kuzunguka, umeshapata mzizi wake. Petali moja ikiwa angavu kuliko nyingine, tafuta picha iliyotazama dirisha.

Hatua ya kwanza, basi, ni kufunga kila kitu kwenye kamera: kasi, tundu la lenzi, ISO na mizani ya weupe, vyote kwa mkono, bila kuiachia kamera iamue kitu baina ya picha. Ya pili ni kuiruhusu Hugin ikadirie kufifia kwa lenzi katika sehemu yake ya urekebishaji wa mwanga. Hizi mbili zilipunguza nyota ya chumba chetu kwa kiasi kikubwa. Hazikuiondoa.

Kilichobaki ni kazi ya enblend yenyewe. Programu hii huchanganya picha kwa tabaka, mbinu ambayo Burt na Adelson waliieleza mwaka 1983: mambo madogo kama nyuzi za boriti huunganishwa kwa ukanda mwembamba, na tofauti pana za mwanga huunganishwa kwa ukanda mpana wa mamia ya pikseli. Kwenye ukuta matokeo yake ni mazuri ajabu. Karibu na ncha, ukanda ule mpana hufuata karatasi. Mshono sasa ni mstari unaoizunguka ncha kwa mbali pande zote, na kila sehemu ya mstari huo hupeleka marekebisho yake ya rangi juu moja kwa moja. Marekebisho yanayotoka upande wa dirisha na yale yanayotoka upande wa mlango hupanda kwa njia tofauti hadi ukingo wa karatasi bila kukutana, ingawa darini yanafika kwenye nukta ile ile. Ndiyo maana hata ncha inayomilikiwa na picha moja inaweza kuchafuka.

Chaguo la `--wrap=horizontal` huiambia enblend kwamba ukingo wa kulia na wa kushoto ni jirani, na halipaswi kukosekana, la sivyo utapata mstari wa wima nyuma ya mtazamaji. Lakini halisemi lolote kuhusu ncha. Wala `vertical` si dawa yake, kwa kuwa hilo huunganisha ukingo wa juu na wa chini, yaani dari na sakafu, jambo ambalo halina maana kwenye tufe.

Dawa ninayoiamini ni kuigeuza dunia kabla ya kuchanganya. Ncha ni matokeo ya jinsi karatasi ilivyokunjuliwa. Dari yenyewe haina nukta yoyote ya pekee. Ukilizungusha tufe digrii 90, dari na sakafu hushuka hadi kwenye upeo wa macho, mahali ambapo karatasi husema kweli, na enblend huzichanganya kama inavyochanganya kuta. Ninatoa matoleo mawili kutoka mradi mmoja, nona ikiipinda kila picha mahali pake na enblend ikizichanganya:

```
nona -m TIFF_m -o kawaida_ chumba.pto
enblend --wrap=horizontal -o kawaida.tif kawaida_*.tif

pano_modify --rotate=0,0,90 -o geuzwa.pto chumba.pto
nona -m TIFF_m -o geuzwa_ geuzwa.pto
enblend --wrap=horizontal -o geuzwa.tif geuzwa_*.tif
```

Toleo la pili nalo lina ncha, lakini sasa ziko kwenye sehemu mbili za ukuta. Nyota, kama ipo, imehamia huko, na huko hatutaihitaji. Ninaifungua `geuzwa.tif` katika mradi mpya wa Hugin kama picha ya `Equirectangular` yenye upana wa digrii 360, ninaweka `Roll` kuwa -90, na kuitoa tena kwa ukubwa ule ule wa 12,000 kwa 6,000. Ikitoka kichwa chini miguu juu, alama ya hesabu ndiyo iliyokosewa. Weka 90 badala yake.

Kwa kuwa matoleo yote mawili yametoka kwenye picha zile zile na mpangilio ule ule, boriti hulaliana pikseli kwa pikseli. Tofauti iliyopo ni ya rangi pana tu. Katika GIMP ninaweka la kawaida chini na lililogeuzwa juu, kisha ninalipa la juu maski ya mserereko: jeupe kabisa kutoka ukingo wa juu hadi safu ya 833, ambayo ni latitudo ya digrii 65, likififia taratibu hadi kuwa jeusi kwenye safu ya 1,333, latitudo ya digrii 50. Chini ninafanya vivyo hivyo kinyumenyume, kati ya safu ya 4,667 na ya 5,167. Mserereko wenyewe ni salama kwenye karatasi, maana thamani yake ni moja kuzunguka chumba kizima. Dari na sakafu zinatoka kwenye toleo lililogeuzwa, kuta zinatoka kwenye la kawaida, na kila eneo limechanganywa mahali ambapo lilikuwa mbali na ncha.

Zamani nilikuwa ninakaa na brashi ya kunakili nikifuta petali moja moja kwenye kila chumba, na nilikuwa nikidhani hiyo ndiyo kazi. Utaratibu huu huchukua dakika chache za kompyuta na hauhitaji mkono wenye ustadi, ila kuelewa ni kwa nini unafanya hivyo.

Sakafu, ambako miguu ya kamera ilisimama

Ncha ya chini ina shida zake za ziada. Picha yake haiwezi kupigwa kutoka mahali pale pale, kwa kuwa miguu ya kamera ndiyo kitu tunachotaka kukiondoa. Nilisogeza miguu pembeni, nikainamisha kamera juu ya doa lile kwa kimo kile kile cha mita 1.5 kadiri nilivyoweza, nikapiga. Kituo cha kuonea kimehama, kwa hiyo kushona kwa kuzungusha tu hakutoshi. Hugin ina vigezo vya kuhamisha kamera, `X`, `Y` na `Z`, vinavyoweza kukokotolewa kwa picha hiyo peke yake, kwa sharti moja zito: kila kinachobaki kwenye picha lazima kiwe kwenye ubapa mmoja. Nilifunika kwa maski kila kitu kisichokuwa sakafu, hata mguu wa kitanda na ukingo wa zulia, na nukta za kuunganisha nikaziweka kwenye pembe za vigae tu. Zulia nene au ngazi ingevunja sharti hilo, na hapo njia pekee ni kunakili kwa mkono.

Baada ya hapo vigae vilinyooka, ila kulikuwa na kivuli changu upande mmoja. Marekebisho ya namna hii yasifanywe kamwe kwenye karatasi, kwa sababu brashi ya duara itageuka sindano, kama kile kichujio. Nilitoa sakafu kama picha bapa: panorama katika Hugin, `Pitch` 90 ili sakafu ije katikati, projeksheni ya `Rectilinear`, upana wa digrii 100. Hapo vigae ni miraba halali, na mstari mnyoofu ni mnyoofu. Nilifuta kivuli, nikaacha ukingo wa nje bila kuugusa, kisha nikairudisha picha hiyo kwenye mradi ule kama `Rectilinear` ya digrii 100 yenye `Pitch` -90. Ukingo usioguswa ndio unaoifanya picha irudi bila kuonyesha mpaka.

Wapo wanaofunika eneo hili kwa duara lenye nembo. Sina ugomvi nalo mahali ambapo sakafu ni saruji tupu, lakini kwenye nyumba ambayo mgeni anakuja kutazama vigae vyake, nembo humficha alichokuja kukiona.

Baada ya kushona

Ncha iliyokwisha kusafishwa inaweza kuharibiwa tena na hatua ndogo zinazofuata, hasa kunoa. Ninanoa matoleo mawili kila moja kwenye karatasi yake, kabla ya kuyaunganisha kwa maski. Kwa njia hiyo dari hunolewa ikiwa katikati ya kimo cha karatasi, si ukingoni. Kupunguza chenga hufuata kanuni hiyo hiyo, ingawa ni bora zaidi kufanywe kwenye picha 8 za awali kabla hazijashonwa. Faili hubaki TIFF hadi mwisho, kwa maana JPEG hubana picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kiboksi kilicho kwenye ncha ni kijisindano cha kimo cha digrii 0.24.

Kwa sababu hiyo hiyo siipakii karatasi yenyewe kwenye ziara. Ninaigeuza kuwa mchemraba wa nyuso 6, ambao dari ni uso mmoja kamili na ncha iko katikati yake kama nukta nyingine yoyote. Kionyeshi cha Pannellum kinakuja na `generate.py`, ambayo hutumia nona ile ile kukata nyuso hizo na kuzigawa vipande vya ukubwa mbalimbali, ili simu isilazimike kupakua picha nzima. Upande wa uso ukitaka usipoteze undani wa katikati ni upana wa karatasi ukigawanywa kwa pai: 12,000 kwa 3.14, yaani pikseli 3,820 hivi. Vionyeshi vinavyobandika karatasi moja kwa moja juu ya tufe lililoundwa kwa pembetatu huweza kuleta mikunjo ya vizigizagi kwenye ncha hata picha ikiwa safi. Ukiiona mikunjo hiyo kwenye ziara na huioni kwenye `juu.png`, achana na picha, shughulikia kionyeshi.

Ukaguzi wa mwisho ninaufanya kwa kuitoa upya `juu.png`, kuiongezea utofauti wa mwanga hadi dari ionekane mbaya kwa makusudi, na kuizungusha polepole kwenye skrini. Jicho hukosa petali iliyotulia, lakini petali inayotembea hulikamata mara moja. Katika chumba kile cha Mji Mkongwe kilichobaki baada ya ukaguzi huo ni mwanga wa dirisha ukififia kutoka boriti ya kwanza hadi ya mwisho, upande mmoja tu, kama ulivyokuwa mchana ule nilipokuwa nimesimama pale.